Jinsi nilivyoondokana na uvimbe wa miguu kazini

Mimi ni mhasibu, na kila jioni vifundo vyangu vya miguu vilivimba hivi kwamba nikibonyeza kwa kidole, kishimo kilibaki. Soksi za kubana nilizonunua kwa kufuata namba ya kiatu zilizidisha tabu, kwani ukingo wa juu ulijikunja chini ya goti na kukaza kama kamba.

Mfamasia mmoja alinipima asubuhi, kabla uvimbe haujaanza: sehemu nyembamba juu ya kifundo ilikuwa sentimita 23, na shavu la mguu 38. Akanipa soksi za mgandamizo wa milimita 15 hadi 20 za zebaki, ambazo hubana zaidi kifundoni na kulegea kadiri zinavyopanda. Nazivaa mara niamkapo, nikilainisha kila mkunjo, na kuzivua usiku; hata katika safari ya ndege iliyochukua muda wa saa nane sikuvimba.

Kabla ya kuniuzia, alinihoji kuhusu kisukari na moyo, kisha akapapasa mapigo ya damu juu ya wayo, kwa sababu mwenye ateri zilizoziba au miguu iliyokufa ganzi anaweza kuumizwa na soksi hizo bila kujua. Aliniagiza pia kwamba mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, niende hospitali siku hiyo hiyo, kwani huenda damu imeganda mshipani.