Bei ya gorogoro Kibuye: asilimia za miezi 12 hazijumlishwi

Jedwali la bei ya mahindi katika soko la Kibuye, Kisumu, lilionyesha mabadiliko ya mwaka kuwa 0%, ilhali gorogoro ilikuwa imeshuka kutoka shilingi 100 hadi karibu 94. Miezi sita bei ilipanda 10% kila mwezi, sita ikashuka 10% kila mwezi, na seli ya chini ilikuwa na SUM.

Kasoro ni kwamba kila asilimia hukokotolewa juu ya bei ya mwezi uliotangulia, si ya Desemba iliyopita. Shilingi 100 ikipanda 10% ni 110. 110 ikishuka 10% ni 99, kwa sababu hiyo kumi ya pili imekatwa kwenye 110. Rudia mara sita: 0.99 kwa kipeo cha 6 ni 0.9415, yaani mwaka umeshuka 5.85%. Mpangilio wa miezi haubadilishi jibu.

Nilifuta SUM, nikaweka hii kwenye B14:

```
=PRODUCT(1+B2:B13)-1
```

Kwenye Excel ya zamani bonyeza Ctrl+Shift+Enter, la sivyo utaona #VALUE!. Asilimia ziandikwe 0.10, si 10.

Mtego mbaya zaidi ni seli tupu: inahesabiwa kama 0%, kimyakimya, bila onyo lolote. Kwa hiyo nikahakiki kwa bei zenyewe: bei ya Desemba hii gawanya kwa ya Desemba iliyopita, toa 1. Ukianzia Januari utakuwa umeuacha mwezi mmoja nje; mabadiliko 12 yanahitaji bei 13.