Nilivyozitoa meseji za marehemu baba kwenye laini ya kitochi

Baba alinunua shamba la michungwa kule Muheza mwaka 2009 kwa malipo ya awamu, na makubaliano mengi kati yake na muuzaji yalipita kwa meseji. Wote wawili wameshatangulia mbele ya haki. Watoto wa muuzaji ni watu waungwana, hawakutukatalia shamba, ila walitaka kujua kilicholipwa ni kiasi gani na mpaka uliishia wapi. Mama akasema zile meseji baba hakuzifuta, zimo kwenye laini yake ya zamani, ndani ya kitochi kilichokuwa kabatini kwetu Ngamiani. Kazi ya kuzitoa nikaichukua mimi. Naieleza hapa kwa sababu kuna mambo ambayo fundi wa kawaida wa simu hakuambii, na ukiyakosa unaweza kubaki na maneno yasiyo na tarehe wala mpangilio.

Laini yenyewe haikuwa hewani tena. Haikusajiliwa kwa alama za vidole, na laini za namna hiyo zilianza kuzimwa Januari 2020. Watu wengi hapa Tanga wanadhani laini ikishazimwa na meseji zake zimekwisha. Sivyo. Mtandao unafunga namba, lakini meseji zimeandikwa kwenye kijichipu cha laini na hakuna anayezigusa kutoka mbali. Kwangu mimi kuzimwa kule kulikuwa heri, kwani hakuna meseji mpya ingeweza kuingia na kukalia nafasi. Kama laini yako bado iko hewani, isome mahali ambapo simu haitashika mtandao, au kwenye simu yenye hali ya ndege, kabla matangazo ya promosheni hayajaanza kumiminika.

Nilianza na kitochi chenyewe. Nilikipa chaji, kikawaka, kikaniomba tarehe na saa. Mama akaingiwa na hofu kwamba tukiweka tarehe ya leo tutaharibu tarehe za meseji. Nikamtoa wasiwasi: tarehe ya meseji iliyopokelewa haitoki kwenye saa ya simu, imepigwa na kituo cha ujumbe cha mtandao siku ile ile na imehifadhiwa ndani ya meseji. Kisha nikaingia kwenye hali ya kumbukumbu nione meseji ziko wapi. Hili ni la lazima, kwa sababu kitochi kinaonyesha pamoja zilizo kwenye simu na zilizo kwenye laini, na ukichomoa laini hujui umeacha nini. Chetu kilionyesha laini ina nafasi 20, zilizojaa 17, na kwenye simu hakuna kitu.

Kabla ya kuchomoa chochote nilinakili kitabu cha majina chote kwenye kaunta buku. Meseji haibebi jina la mtu, inabeba namba tu. Jina tunaloliona pale juu simu inalichukua kwenye orodha yake ya majina. Ukiihamisha laini kwenye kifaa kingine, majina yaliyokuwa kwenye kumbukumbu ya simu yanapotea na unabaki na meseji kumi na saba zenye namba usizozijua. Baadaye ndipo nikapiga picha kila meseji ikiwa imefunguliwa, juu hadi chini. Kuna chaguo la kunakili na la kuhamisha kwenye menyu za simu hizi. La kuhamisha usiliguse, maana linafuta kilichoko kwenye laini.

Picha zilitosha kusoma, hazikutosha kupanga. Kitochi kilionyesha tarehe kwenye baadhi ya meseji na kwenye nyingine hakuna, na moja ilianza katikati ya sentensi. Hapo ndipo nikaazima modemu ya zamani ya intaneti, ile ya kuchomeka kwenye kompyuta. Modemu ni msomaji mzuri wa laini na ziko nyingi kwenye madroo ya watu. Tafuta ya mtandao ule ule wa laini, kwa kuwa nyingi zimefungwa zisikubali laini ya mtandao mwingine. Laini ya zamani ni kubwa, inaingia bila kukatwa. Sehemu ya dhahabu nilikuta imefifia, nikaipangusa kwa kitambaa laini chenye spiriti kidogo na kuiacha ikauke.

Programu inayokuja na modemu niliifunga. Inashikilia njia ya mawasiliano, na baadhi yake zinazikusanya meseji zenyewe kwa namna usiyoitawala. Nikafungua PuTTY, programu ya kuandikia modemu amri, nikachagua Serial, nikaandika namba ya COM niliyoiona kwenye Device Manager. Kabla ya amri ya kwanza niliwasha Logging ili kila kitakachotokea kwenye skrini kiandikwe kwenye faili. Kisha:

```
AT
AT+CPIN?
AT+CMGF=1
AT+CPMS="SM","SM","SM"
AT+CMGL="ALL"
```

Ya kwanza inauliza kama modemu iko macho, nayo hujibu OK. Ya pili inauliza kama laini inataka namba ya siri. Jibu likiwa READY endelea. Likiwa SIM PIN, usikisie: ukikosea mara tatu laini inajifunga na kutaka PUK, na PUK nayo ukiikosea mara kumi laini imekufa moja kwa moja. Ya tatu inaweka hali ya maandishi. SM kwenye amri ya nne maana yake ni kumbukumbu ya laini, si ya modemu. Jibu lilikuja na 17,20, sawasawa na kitochi kilivyosema, nikajua hakuna kilichopotea njiani. Ya mwisho inamwaga zote. Jua tu kwamba meseji ambayo haikuwahi kusomwa, ukishaimwaga mara moja inageuka kuwa iliyosomwa, kwa hiyo faili la mara ya kwanza ndilo la kutunza.

Kila meseji inatanguliwa na mstari wa namna hii:

```
+CMGL: 4,"REC READ","+2557XXXXXXXX",,"09/03/14,18:42:10+12"
+CMGL: 5,"STO SENT","+2557XXXXXXXX",,
```

Namba ya kwanza ni nafasi kwenye laini. Tarehe inaanza na mwaka, basi ya kwanza hapo ni tarehe 14 Machi 2009, saa 12:42 jioni kwa saa zetu. Ile +12 ni robo kumi na mbili za saa, yaani saa tatu mbele ya GMT, ambazo ndizo za Afrika Mashariki. Nafasi ya 4 ilikuwa ya muuzaji: "Mzee laki sita nimepata nashukuru. Zilizobaki tutaongea machungwa yakitoka."

Angalia nafasi ya 5. Hiyo ni ya baba mwenyewe: "Nimempa kijana laki nne akuletee, nijibu ukipata." Haina tarehe. Haikupotea wala haikufutika. Meseji inayotumwa haibebi tarehe ndani yake, kwa sababu tarehe inapigwa na kituo inapokwenda kwa mpokeaji. Laini ya mtumaji haiipati kamwe. Kwa hiyo meseji za baba zote zilikuwa hivyo, na hapa ndipo watu wanapokosea wakidhani nafasi ya 5 imefuata nafasi ya 4 kwa wakati. Simu inapofuta meseji, nafasi yake inabaki wazi, na inayokuja baadaye inaweza kuingizwa humo. Kwenye laini ya baba nafasi ya 2 ilikuwa ya Juni na ya 4 ya Machi. Namba za nafasi hazisemi nani alitangulia.

Njia iliyobaki ni kuzibana kwa majibu. Nafasi ya 11, iliyopokelewa tarehe 28 Mei, inasema "Kijana kafika, nne zote nimezipata." Basi ile ya laki nne ilitumwa kabla ya saa hiyo ya tarehe 28 Mei. Kwenye jedwali sikuandika "27 Mei" kwa kubahatisha. Niliandika "kabla ya jibu la nafasi ya 11". Watoto wa muuzaji walilielewa jambo hilo haraka kuliko nilivyotarajia, na nadhani wangeshuku kama ningejaza tarehe safi kila mahali.

Ile iliyoanza katikati ya sentensi ndiyo iliyonichosha. Nafasi ya 2 iliandika "kushoto kwa mfenesi mpaka mferejini, hapo ndio mwisho wetu." Meseji moja inabeba herufi 160. Ikizidi inakatwa vipande vya herufi 153, kila kipande kikachukua nafasi yake, na zile herufi saba zinazopungua zinaliwa na alama za kuunganishia. Alama hizo hazisomeki ukiwa kwenye hali ya maandishi, nikalazimika kuziona mbichi:

```
AT+CMGF=0
AT+CMGL=4
```

Hapo zinakuja namba tupu. Kwenye nafasi ya 2 niliikuta `050003A40202`: A4 ni alama ya meseji hiyo, 02 ya kwanza ni idadi ya vipande, 02 ya mwisho ni kipande cha pili. Nafasi ya 16 ilikuwa na `050003A40201`, kipande cha kwanza cha A4 ile ile, kutoka namba ile ile. Tarehe nazo niliziangalia; humo zimeandikwa kila jozi ikiwa imegeuzwa, mfano Machi 14 ile ya juu inaonekana `90304181240121`. Vipande vyote viwili vilikuwa vya jioni moja ya Juni, sekunde chache kati yao. Nikaviunganisha: "Mpaka unaanzia njia ya Amani, unapita" kisha maelezo mengine hadi "kushoto kwa mfenesi mpaka mferejini". Hilo ndilo lililomaliza mazungumzo ya mpaka.

Jedwali nililowapa lilikuwa na nafasi, iliyopokelewa au iliyotumwa, namba, tarehe kama ipo, na maneno kama yalivyoandikwa, pamoja na makosa ya herufi. "Nmepta" nimeiacha "nmepta". Pembeni nikaweka jina kutoka kaunta buku, kwa kalamu ya rangi nyingine, kwa kuwa jina ni nyongeza yetu na halimo kwenye laini. Faili la PuTTY na picha nimevihifadhi bila kuvigusa, na laini yenyewe imerudi kwenye bahasha.

Nafasi tatu zilizoonekana tupu nilizishughulikia baadaye. Modemu haizionyeshi, lakini simu nyingine zinapofuta meseji zinabadilisha baiti ya kwanza tu kuwa 00 na kuacha maneno palepale. Nyingine zinafuta zote kwa kujaza FF. Kuziona kunahitaji kisomaji cha kadi chenye programu kama pySim, kinachofungua faili la meseji lenyewe, 6F3C, ambalo kila rekodi yake ni baiti 176:

```
select DF.TELECOM
select EF.SMS
read_records
```

Mbili zilikuwa FF mwanzo hadi mwisho baada ya ile 00. Ya tatu ilikuwa na maneno bado, meseji ya mtu wa mbolea akimjulisha baba kwamba mzigo umefika. Haihusiani na malipo, lakini nimeiingiza kwenye jedwali na kuandika mbele yake "ilifutwa".