Barua yangu ya ruhusa ya masomo: ya kwanza ilirudi, ya pili ndo ikapita

Barua yangu ya kwanza ilirudi ina maneno manne tu yameandikwa pembeni kwa wino mwekundu. "Kupitia kwa nani? Rekebisha." Basi, ndo majibu niliyosubiri wiki tatu nzima, na kwa wakati huo chuo kilikuwa kimeshafungua na nafasi yangu imeshaenda na maji.

Hiyo ilikuwa 2018. Mimi ni muuguzi, nimeajiriwa serikalini 2014 kwa diploma, yaani Afisa Muuguzi Msaidizi, nipo leba kwenye hospitali moja ya serikali hapa Dar. Nilikuwa nimepata udahili wa digrii ya uuguzi, miaka minne, nina furaha mpaka nashindwa kulala mchana baada ya naiti. Nikaandika barua usiku, asubuhi nikapanda daladala mpaka halmashauri nikaiacha masijala, nimeiandika moja kwa moja kwa mkurugenzi, najiona mjanja nimeruka foleni. Kumbe nimejichoma mwenyewe. Barua ya mtumishi haipai hewani, inapanda ngazi: muuguzi mfawidhi (huku wote tunamwita metroni), mganga mfawidhi wa hospitali, mganga mkuu wa manispaa, ndo mkurugenzi, na kila mmoja anaandika maoni yake kwamba anapendekeza au hapendekezi. Mkurugenzi hakujui wewe, anachosoma ni hayo maoni, sasa barua isiyo na maoni hata moja angeijibu kwa kutumia nini?

Ila ukweli hilo la kupitia kwa nani lilikuwa kosa dogo. Nilipoenda kuonana na afisa utumishi, kaka mmoja mpole sana, aliisoma yote mbele yangu halafu akaiweka mezani akaniambia, "Sista, hata ungepitisha kwa kila mtu hii isingetoka." Akanionesha na kalamu. Nilikuwa nimeandika "naomba ruhusa pamoja na ufadhili wa ada". Hivyo ni vitu viwili tofauti. Ruhusa ni uamuzi, bosi akikubali amekubali, ila ada ni pesa, na pesa lazima iwe kwenye bajeti, kwa hiyo ukiviweka kwenye sentensi moja barua nzima inaenda kukaa kusubiri fungu ambalo halipo. Pili jina langu halikuwa kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri. Mimi hata sikujua kama kuna kitu kinaitwa hivyo jamani! Kumbe kila mwaka idara zinaulizwa nani anataka kusoma nini na lini, orodha inatengenezwa kabla ya mwaka wa fedha unaoanza Julai 1, na usipokuwemo unaonekana kama umekurupuka. Tatu, na hapa ndo aligonga sana, mwishoni nilikuwa nimeandika "nikimaliza nitarudi kulitumikia taifa". Akacheka. "Kila mtu anaandika hivi, hata wale ambao hawajawahi kurudi."

Rafiki yangu mmoja aliniambia nisihangaike, nisome kimya kimya huku nabadilishana zamu na wenzangu. Nikamkatalia, maana clinical za mchana huwezi kuzikwepa, na kwenye utumishi ukikosekana kazini zaidi ya siku tano bila ruhusa hiyo ni utoro, kosa la kufukuzwa. Mwingine akasema niombe likizo bila malipo. Nayo nikaiacha, nina watoto wawili na kodi ya nyumba Tandika, miaka minne bila mshahara ningekula nini.

Kwa hiyo nikaamua kusubiri udahili wa mwaka unaofuata. Disemba 2018 nikamfuata metroni ofisini kwake, nikamwambia mama mimi mwakani nataka kwenda shule, naomba jina langu liingie kwenye mpango. Akaandika pale pale kwenye kaunta buku lake. Barua yenyewe sikuandika mpaka 2019 udahili ulipotoka, ila kazi kubwa nilishaifanya kati kati hapo, na kazi yenyewe ilikuwa rosta.

Ngoja nieleze hapa vizuri kwa sababu hakuna mtu aliniambia. Tulikuwa wauguzi 13 leba. Kila siku asubuhi watatu, mchana watatu, usiku watatu, hiyo ni nafasi 9 kwa siku, kwa wiki 63. Kila mtu akifanya zamu tano kwa wiki, watu 13 wanatoa 65, yaani ziada ni mbili tu na hizo zinaisha mtu mmoja akiumwa au akifiwa. Nikitoka mimi wanabaki 12, wanatoa 60, pengo zamu tatu kila wiki. Bosi ukimwambia "naomba kuondoka miaka minne" yeye anasikia hizo zamu tatu, hasikii digrii. Nikakaa na metroni tukatafuta. Kulikuwa na dada mmoja kliniki ya mama na mtoto, yule anafanya mchana tu na ana uzoefu wa leba, akakubali kushuka kwetu zamu tatu kwa wiki, na kliniki wakapata wa kujaza kutoka wodi ya watoto ambao wakati huo walikuwa na ahueni. Nikachora jedwali la rosta ya wiki nne bila jina langu, metroni akasaini chini, nikaiambatanisha. Naamini kabisa hiyo karatasi moja ndo ilinipa ruhusa kuliko barua yenyewe.

Barua ya pili ilikuwa ukurasa mmoja. Juu kushoto cheo, kituo na cheki namba, chini yake anwani ya mkurugenzi, halafu mistari mitatu ya kupitia kwa, kila bosi na mstari wake na nafasi ya kusaini. Kichwa: YAH: MAOMBI YA RUHUSA YA KWENDA MASOMONI. Aya ya kwanza mimi ni nani, nimeajiriwa lini na nimethibitishwa kazini lini (kama hujathibitishwa usipoteze karatasi, maliza hilo kwanza). Aya ya pili kozi, chuo, tarehe ya kuanza na kumaliza, na kwamba nimo kwenye mpango wa mafunzo wa mwaka ule. Aya ya tatu sentensi moja tu: "Gharama za ada nitajilipia mwenyewe, ninaomba ruhusa na kuendelea kulipwa mshahara wangu." Ya nne pengo na rosta. Ya mwisho ndo ahadi, na hii niliiandika mara sita, nikaisomea mume wangu mpaka akasema we mwanamke sasa inatosha:

"Ninaahidi kuwasilisha matokeo yangu kila mwisho wa mwaka wa masomo. Wakati wa likizo za chuo nitaripoti kituoni kwangu na kupangiwa kazi. Nitakapomaliza mtihani wa mwisho nitaripoti kazini ndani ya siku saba bila kusubiri mahafali, katika kituo hiki hiki, na niko tayari kusaini mkataba wa kuitumikia halmashauri kwa kipindi nitakachoelekezwa."

Ona tofauti na ile ya kulitumikia taifa. Hapa kuna siku, kuna mahali, kuna kitu cha kunishikia. Ile ya bila kusubiri mahafali niliambiwa na metroni, akasema watu wengi wanapotelea hapo, mtihani umeisha Julai yeye anasubiri joho miezi kibao huku mshahara unaingia, na ndo wanaowaharibia wanaokuja nyuma.

Nikaambatanisha barua ya udahili, barua ya kuthibitishwa kazini, leseni yangu ya baraza la wauguzi ikiwa hai, fomu za OPRAS za kupima utendaji kazi na ile rosta. Nikatoa nakala mbili za kila kitu, moja ikagongwa muhuri wa kupokelewa na tarehe nikabaki nayo, maana bila muhuri ukiambiwa "hatujaiona" huna la kujibu. Na ilitokea kweli! Wiki ya pili nikaambiwa faili halionekani, nikatoa nakala yenye muhuri, dada wa masijala akaingia ndani akarudi nalo baada ya dakika tano, lilikuwa limefunikwa na mafaili ya likizo. Nilikuwa naenda kila Jumanne nikitoka naiti, na yunifomu yangu na macho mekundu, sigombani na mtu, nauliza tu limefika meza gani.

Ruhusa ilitoka siku nne kabla ya usajili. Nikasaini mkataba, nikafanya hendova ya funguo za kabati la dawa na vifaa vilivyokuwa kwa jina langu, nikaondoka. Mshahara uliendelea ila hela ya on-kolo ilikatika mwezi ule ule, na hapo sikuwa nimejiandaa maana ndo ilikuwa inalipa kodi. Hiyo ni posho ya zamu uliyofanya, hujafanya hupati, we piga hesabu zako kwa mshahara mtupu.

Ahadi ilikuja kudaiwa mapema kuliko nilivyofikiria. Machi 2020 vyuo vikafungwa kwa sababu ya korona. Wenzangu wengi walikwenda mikoani kwao, mimi nikakumbuka nimeandika likizo nitaripoti, ingawa ile haikuwa likizo hasa. Nikaenda kwa metroni wiki ile ile. Aliniangalia juu mpaka chini akasema, "Umekuja mwenyewe au umeitwa?" Nikasema nimekuja mwenyewe mama. Nikapangwa naiti kesho yake na nikafanya mpaka vyuo vilipofunguliwa Juni 1. Kuna usiku tulikuwa wawili tu tukiwa na wazazi kumi na moja, barakoa imelowa jasho, mmoja akajifungulia mlangoni tukiwa tunambeba, mtoto wa kike, kilo tatu na gramu mia.

2023 nilimaliza mtihani Ijumaa, Jumatatu nikapeleka barua ya kuripoti kazini baada ya masomo, na muhuri nikagongewa. Matokeo ya mwisho niliyapeleka baadaye yalipotoka. Kumbe kurudi na digrii hakukufanyi uwe Afisa Muuguzi siku hiyo, kubadilishiwa kada ni maombi mengine kabisa na yenyewe yana kupitia kwa zake, nafasi iwepo kwenye ikama na bajeti, na mpaka hapo unalipwa kwa cheo chako kile kile cha diploma. Niliianza barua hiyo wiki ile ile niliyoripoti.

Metroni yeye hata hakuniuliza habari za chuo. Alifungua droo, akatoa rosta ya wiki ile, jina langu lilikuwa limeshaandikwa kwa penseli Jumatano usiku.