Oili yako au ya gereji? Nilivyolinganisha bei za kubadilisha oili ya giaboksi ya CVT

Gari langu ni Fielder yenye giaboksi ya CVT, na kitabu chake kinataka oili ya Toyota CVT Fluid FE. Nilipoulizia bei ya kuibadilisha hapa Dar, gereji ya kwanza ilisema 180,000, ya pili 430,000. Ukiziweka pamoja hivyohivyo hazikwambii kitu, maana kila mmoja anauza kazi tofauti.

Niliwarudia wote kwa swali moja: oili gani, jina kama lilivyo kwenye kopo, na lita ngapi? Wa kwanza alikuwa anaweka lita 4 za oili ya "CVT zote". Wa pili alihesabu lita 8 za FE kwa 45,000 kila lita, anazisukuma kwa mashine mpaka ya zamani itoke karibu yote, na 70,000 ya ufundi. Ukifungua nati ya chini tu, inatoka karibu nusu. Nyingine hubaki ndani ya giaboksi. Nikamuuliza wa pili, "Fundi, ukimwaga kwa nati tu?" Akasema lita 4, ufundi 40,000, jumla 220,000.

Hapo ndipo nikapiga hesabu ya kununua mwenyewe. Kopo la FE la lita 4 dukani lilikuwa 150,000. Gereji ya kwanza ilikubali kuliweka, ila ufundi ukapanda hadi 60,000, na sikuwalaumu, faida yao iko kwenye oili. Jumla 210,000. Yaani ningeokoa 10,000 tu, halafu gari likianza kutetemeka wakati wa kuondoka, fundi aseme, "Dada, oili ulileta wewe." Kwa tofauti ndogo hivyo nilimpa wa pili ile kazi ya 220,000, oili na ufundi, kwa sharti kwamba makopo yafunguliwe mbele yangu na risiti iandike jina la oili na lita.

Siku ya kazi nilisimama pale pale. Oili iliyotoka, nyeusi kidogo lakini bila harufu ya kuungua, ilipimwa kwenye jagi: lita 3.4. Akarudisha kiasi hicho hicho. Giaboksi hii haina kijiti cha kupimia, kwa hiyo aliunganisha mashine kusoma joto, injini ikiunguruma, akasubiri oili ifike karibu nyuzi 40 ndipo akafungua tundu la kipimo. Ilimwagika, ikapungua hadi ikawa inachuruzika kiuzi chembamba, akafunga. Fundi asiyeweza kukueleza hatua hii usimwachie CVT, hata akiwa na bei ya kutupa.

Oili ya injini ndiyo huwa naenda nayo mwenyewe. Injini yangu inakula lita 3.7 pamoja na chujio, kopo la lita 4 linaisha karibu lote, na gereji nyingi za mtaani huchota kwenye pipa ambalo huwezi kujua limejazwa nini. Nakagua sili, naivunja mwenyewe, na kopo tupu naondoka nalo ili lisijazwe tena.