Dakika 10 mbele ya jopo: nilivyozipanga upya

Usaili wa kwanza nilikatishwa muda ulipoisha nikiwa slaidi ya 9 kati ya 14. Pendekezo langu lilikuwa slaidi ya 12, kwa hiyo jopo halikulisikia kabisa. Iliniuma, maana ndilo walilouliza: visima vya kijiji vitaendeleaje kutoa maji mradi ukishaisha?

Usaili uliofuata swali lilifanana. Safari hii dakika ya 1 nilitoa jibu lenyewe: kamati ya maji ikusanye ada kila mwezi, na fundi wa karibu awe na vipuri. Dakika 2 nikaeleza kwa nini pampu hufa. Dakika 5 nikakaa na kisima kimoja tu, tangu mpira wa pampu unapochakaa hadi nani anatoa hela ya mpira mwingine. Dakika 1 ya kufunga nikataja kinachoweza kukwamisha: kaya kushindwa kulipa kabla ya mavuno. Slaidi 5 zilitosha. Dakika iliyobaki niliiacha wazi, kwani projekta huchelewa kuwaka.

Nyumbani nilijipima kwa saa ya simu, nikiongea kwa sauti. Kusoma kimoyomoyo kulikuwa kumenidanganya: dakika 7 za kichwani zilikuwa 11 za mdomoni. Nilichokata ni historia ya mradi. Jopo linaijua kuliko mimi.