Nilivyofaulu ufupisho wa kidato cha sita

Nilisoma kidato cha tano na sita Moshi, tahasusi ya HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, na katika karatasi ya kwanza ya mtihani wa Kiswahili sehemu niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ufupisho. Mwalimu wetu alikuwa akitutungia vifungu vya mazoezi kuhusu mambo tunayoyaona kila siku. Hiki hapa kimoja, nimekihifadhi kwenye daftari mpaka leo:

"Katika miteremko ya Kilimanjaro, familia nyingi za Kichaga hulima katika kihamba, yaani shamba ambalo linaizunguka nyumba na ambalo hurithiwa kutoka kwa baba kwenda kwa mtoto. Humo utakuta migomba, na chini ya migomba hiyo utakuta mibuni. Migomba huipa mibuni kivuli. Ng'ombe na mbuzi hufugwa zizini, hulishwa majani ya migomba na nyasi, na samadi yao hurudishwa shambani. Lakini vihamba vingi vimekuwa vidogo kwa sababu kila kizazi huvigawa upya, kwa hiyo baadhi ya vijana wameondoka kwenda kutafuta kazi mijini, kama vile Arusha na Dar es Salaam."

Hayo ni maneno 83. Agizo lilikuwa: fupisha kwa maneno yasiyozidi 30.

Wengi darasani walianza kwa kufuta maneno hapa na pale ndani ya sentensi zilezile. Mimi nilikifunika kifungu kwa daftari na kujiuliza kinasema nini kwa jumla. Nikapata hoja mbili: shamba hili huchanganya vitu vinavyosaidiana, na sasa linagawanyika mpaka vijana wanaondoka. Ndipo nikakifunua na kuipima kila sentensi: nikiiondoa hii, ipi kati ya hoja zangu mbili itaanguka? Majina ya Arusha na Dar es Salaam hayakuangusha chochote. Ni mifano tu, na neno "mijini" limeshaibeba.

Kivuli, majani na samadi vilinisumbua zaidi, kwa sababu ni habari nzuri na mkono unasita kuviacha. Lakini vyote vitatu vinathibitisha jambo moja, kwamba kila kilichomo humo kinakihitaji kingine. Kiswahili kina njia ya kulisema hilo kwa neno moja: vinavyotegemeana. Ng'ombe na mbuzi wakaingia katika jina lao la jumla, mifugo. Tena lugha yetu hubana vizuri ukiachana na "amba-". "Shamba ambalo linaizunguka nyumba" ni maneno manne, "shamba linalozunguka nyumba" ni matatu.

Hata hivyo bado nilikuwa nimezidisha, na hapo nililazimika kuchagua kati ya mambo mawili: shamba kuizunguka nyumba, na vijana kwenda kutafuta kazi. Niliacha la nyumba, kwa kuwa hakuna hoja ya mbele inayoliegemea. Urithi niliubakiza, maana bila urithi msomaji hataelewa kwa nini shamba linagawanywa. Kazi nayo ilibaki, kwani ndiyo sababu ya vijana kuhama. Matokeo yalikuwa haya:

"Katika kihamba, shamba la urithi, Wachaga wengi huchanganya migomba, mibuni na mifugo vinavyotegemeana. Lakini vihamba vingi vimekuwa vidogo kwa kugawanywa kila kizazi, hivyo baadhi ya vijana wamehamia mijini kutafuta kazi."

Maneno 30 kamili. "Vimepungua" lingeokoa neno moja mahali pa "vimekuwa vidogo", lakini msomaji angeweza kudhani idadi ya vihamba imeshuka, jambo ambalo kifungu hakikusema. Vivyo hivyo "baadhi ya". Ukiyaondoa maneno hayo mawili, vijana wote wa Kilimanjaro wamehama! Mwalimu alikuwa akisema, "Nionyesheni mlichokipunguza, siyo mlichokibadilisha," na alikuwa mkali zaidi kwa aliyeongeza maoni yake kuliko kwa aliyeacha hoja. Mtu akimalizia "serikali iwasaidie vijana", amekwisha kutoka kwenye ufupisho na kuingia kwenye insha.

Kwenye mtihani wenyewe kifungu kilikuwa kirefu zaidi, chenye aya kadhaa, lakini nilikishughulikia kwa njia hiyohiyo. Nilikisoma chote mara ya kwanza bila kushika kalamu. Mara ya pili niliandika pembeni ya kila aya hoja yake kwa maneno machache. Aya moja ilikuwa mfano mtupu wa ile iliyoitangulia, kwa hiyo pembeni yake sikuandika kitu. Nikaziunganisha hoja kwa mfuatano wa mwandishi nikitumia "hivyo", "lakini" na "pia", nikahesabu maneno ya rasimu mstari kwa mstari, nikanakili jibu safi, kisha nikaipiga rasimu mstari wa mshazari ili msahihishaji asiichukue kuwa jibu.