Kadi Niliyopewa Kwenye Maikro

Mwaka wetu wa tatu chuoni, wiki chache kabla ya kutawanywa mashuleni kwa mazoezi ya kufundisha ya muhula wa pili, tulipitishwa kwenye kile ambacho kila mwanafunzi wa ualimu anakiita maikro. Unasimama mbele ya wenzako, wao wanajifanya watoto wa Kidato cha Kwanza, na unafundisha kipande cha somo kwa dakika kumi. Chuo chetu kilikuwa kando ya Barabara ya Ngong, na darasa tulilopewa lilikuwa upande wa barabarani. Honi za matatu zilikuwa sehemu ya somo, utake usitake.

Mhadhiri wetu alikuwa mama mmoja aliyefundisha sekondari miaka mingi kabla ya kuja chuoni. Tulimwita Daktari, ingawa yeye mwenyewe alipenda kuitwa Mwalimu. Siku hiyo aliingia na mpango ambao hatukuwa tumeuona kwa wahadhiri wengine. Tulikuwa sita katika kundi. Alisema kila mmoja atafundisha mara mbili. Mara ya kwanza ni dakika kumi kamili. Kisha wenzake wanamweleza walichokiona, anapewa kama dakika kumi na mbili za kupanga upya, halafu anarudi mbele kufanya dakika mbili za mwanzo na dakika mbili za mwisho tu. Katikati panarukwa.

"Katikati mtajifunza shuleni," alisema. "Mkishindwa kufungua na kufunga, hata hiyo katikati hamtajua kama ilifika."

Akatueleza pia kwa kifupi kwamba zoezi hili lilianzia Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 1963, chini ya Dwight Allen na wenzake, na kwamba kule walitumia kikundi kidogo cha wanafunzi halisi. Sisi tulikuwa tukifundishana wenyewe. Hapo ndipo alipoona shida: mtu wa mwaka wa tatu anayesomea Kiswahili hawezi kushindwa na ngeli, kwa hiyo kila somo la maikro huonekana limefaulu. Dawa yake ilikuwa kadi. Kila "mtoto" alipewa kipande cha karatasi kilichoandikwa yeye ni nani, na hakuruhusiwa kumwonyesha anayefundisha. Mmoja alikuwa mkimya asiyeinua mkono. Mwingine alikuwa mwerevu anayejibu kabla ya swali kuisha. Yangu ilisema: "Unaamini kila nomino inayoanza kwa KI- iko katika ngeli ya KI-VI. Usibadilishe imani hiyo mpaka mwalimu akupe sababu."

Aliyekuwa wa kwanza kufundisha ni dada mmoja kutoka Taita, mtu wa maandalizi. Andalio lake la somo lilikuwa safi, mistari imepigwa kwa rula. Mada yake ilikuwa upatanisho wa kisarufi katika ngeli ya A-WA, hasa zile nomino za viumbe zinazoanza kwa KI-: kipofu, kiongozi, kijana, kiboko. Kwa mada hiyo na kadi yangu, nilijua mimi ndiye mgonjwa wake.

Mwenzetu mmoja alishika saa ya simu. Mwingine, ambaye pia alikuwa na kadi yake, alipewa kazi ya kuandika maneno ya mwalimu kama yalivyotamkwa, bila kuyapamba, kwa dakika mbili za mwanzo na mbili za mwisho. Daktari alikataa kabisa maoni ya aina ya "somo lilikuwa zuri". Alitaka maneno na saa.

Dada akaingia. "Habari zenu? Kaeni. Leo tutaangalia ngeli ya A-WA." Akaandika tarehe, mada na idadi ya wanafunzi ubaoni. Akauliza ngeli ni nini, mwerevu akajibu, akaurudia ufafanuzi na kuuandika. Akaorodhesha ngeli zote, moja baada ya nyingine, kutoka A-WA hadi mwisho. Sauti yake ilikuwa nzuri, mwandiko wake mzuri. Mimi na kadi yangu tulikuwa tumeketi tu. Dakika ya nne ilipofika, hakuna aliyekuwa ametunga hata sentensi moja ila yeye.

Katikati alieleza vizuri, hilo sikatai. Lakini simu ililia akiwa bado anaandika mfano wa mwisho ubaoni. Akageuka haraka. "Basi, kwa sababu ya muda, mmeelewa?"

"Ndiyo, mwalimu!" tukaitikia.

"Kuna swali?"

"Hapana."

Nami niliitikia. Kadi yangu ilisema bado naamini kila KI- ni KI-VI, na hakuna lililokuwa limenitikisa, lakini "ndiyo" ilinitoka pamoja na wengine bila shida yoyote. Sijawahi kuona kitu rahisi kama hicho. Ukiwa umesimama mbele, kiitikio kile kinasikika kama ushahidi. Ukiwa umeketi kwenye dawati, unajua ni namna ya kumwambia mwalimu aende zake.

Daktari alimpa dada nafasi ya kwanza kusema. Akasema muda haukutosha. Aliyeandika maneno akasoma kurasa zake, na mshika saa akaonyesha wapi muda ulikokwenda: ile orodha ya ngeli ilimla karibu dakika mbili, na haikuwa na kazi yoyote katika somo la siku hiyo. Kisha Daktari akaninyooshea kidole. "Huyu amesema ameelewa. Huyu ana kadi. Mwambie inasema nini." Nikaisoma. Dada alishika kiuno, akacheka kicheko cha mtu aliyeibiwa mchana.

Zile dakika kumi na mbili za kupanga upya ndizo ninazozikumbuka zaidi, kwa sababu Daktari alimketisha dada katikati yetu na kumwambia aanze na swali la mwisho. Utangulizi usiguswe mpaka swali hilo liandikwe. Ni kitu gani mtoto atafanya dakika ya nane, peke yake, kitakachokuonyesha kwamba anaweza?

Dada akaandika sentensi ya kujaza: "Kiboko ___kubwa ___meanguka." Daktari akaitazama, akatuuliza kama tunaikubali. Tuliikubali. Akasema, "Nikijaza 'kiboko kikubwa kimeanguka', umenikosoa?" Tukanyamaza. Kiboko ni mnyama wa mtoni, lakini pia ni kile cha kuchapia. Mtoto akikuandikia hivyo, huwezi kujua kama amekosea au amemfikiria mwalimu wa zamu. Swali likiruhusu majibu mawili sahihi, halipimi chochote. Kiboko kikafutwa, akaja kiongozi.

Marekebisho ya pili yalikuwa ya ndani zaidi. Dada alikuwa amepanga sentensi tatu, zote za viumbe. Daktari akasema mtoto anaweza kuzipata zote tatu akiwa ameshika kanuni mbovu, kwamba neno la KI- siku hizi huenda kwa A-WA. Lazima kitu kisicho na uhai kiwemo. Kwa hiyo swali la mwisho likawa hivi: "Kiongozi ___pya ___mefika. Kikombe ___pya ___mevunjika. Vijana ___pya ___mefika." Kiongozi anampata yule anayefuata herufi ya mwanzo peke yake. Kikombe kinampata yule aliyejifunza kupita kiasi. Vijana wanampima kwa wingi.

Baada ya hapo utangulizi ulijiandika wenyewe. Ungetumia jozi ileile, kisicho na uhai na chenye uhai, lakini kwa maneno mengine, ili mwishoni mtu asinakili ubao. Dada akachagua kiti na kinyozi.

Alirudi mbele. Safari hii hakuandika idadi ya wanafunzi wala mada. Aliandika mistari miwili: "Kiti ___pya ___mefika. Kinyozi ___pya ___mefika." Akasema, "Mko kwenye duka la kunyolea pale Kenyatta Market. Ambia jirani yako utakavyosema. Sekunde ishirini." Darasa likachemka. Akamwacha mwerevu na mkono wake hewani, akaniita mimi.

"Kiti kipya kimefika. Kinyozi kipya kimefika," nikasema, mwaminifu kwa kadi yangu. Wenzangu wakaangua kicheko.

Hakucheka. "Umetumia kanuni gani?"

"Yote yanaanza kwa KI-, mwalimu."

"Sawa. Kwenye kiti kanuni yako imefanya kazi. Leo tunatafuta kwa nini imekwama kwa kinyozi, na mwishoni kila mmoja ataniandikia sentensi tatu bila kutazama ubao." Mshika saa akaonyesha vidole: dakika moja na sekunde hamsini. Ndani ya muda huo alishajua mwanafunzi mmoja anafikiri nini hasa.

Daktari akapiga meza. "Tumefika dakika ya nane. Kinyozi ana uhai, mmeshaelezwa. Funga."

Dada akafuta ubao wote. Hilo pia lilikuwa limepangwa. Akagawa robo za karatasi ya daftari, akaandika sentensi tatu zenye mapengo, akatupa dakika moja. Hakusema neno tukiandika, jambo ambalo ni gumu kuliko linavyoonekana. Walimu wengi huendelea kufundisha juu ya vichwa vinavyoandika. Kisha akamwita mkimya, ambaye hatukuwa tumemsikia tangu asubuhi, aeleze kwa maneno yake kwa nini kiongozi na kikombe havifanani. "Kiongozi anapumua," mkimya akasema. Dada akakusanya karatasi, akasema somo lijalo ni sentensi ndefu zaidi za nomino hizohizo, na simu ikalia akiwa tayari amemaliza.

Kwenye karatasi yangu nilikuwa nimeamua kumjaribu. Kwa kuwa mwalimu alikuwa amenipa sababu, niliiacha imani ya kadi na kuruka upande wa pili: "Kiongozi mpya amefika. Kikombe mpya amevunjika. Vijana wapya wamefika." Alipozipitia zile karatasi alisimama kwenye yangu, akaisoma tena, akasema, "Huyu amehamia A-WA na vyombo vyake vyote."

Daktari akamuuliza atafanyaje. Dada alitaka kuanza kunieleza pale pale, lakini simu, ambayo ndiyo iliyokuwa kengele yetu, ilikuwa imeshalia. Akaambiwa aandike kwenye sehemu ya maoni, chini ya andalio lake. Aliandika: "Wanne wanaweza. Mmoja anatumia A-WA hata kwa vitu. Somo lijalo lifunguliwe kwa kikombe na kipofu."

Daktari akaisoma, akaweka sahihi, akaita jina la anayefuata. Kadi zikakusanywa na kuchanganywa upya.